Herufi mbili zilizonipeleka Zimmerman

Tangazo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Nalikumbuka herufi kwa herufi: "Rm Zimmerman nr stage, 6,500 pm s/c, 1+1, tkn, call." Lilikuwa limebandikwa kwenye mlingoti wa stima karibu na steji, na binamu yangu aliyekuwa akisoma Nairobi ndiye aliyelipiga picha akanitumia Wundanyi. Ilikuwa Januari 2016. Nilikuwa nimepata kazi mjini, naanza Jumatatu, na sikuwa na pa kulala.

Nililisoma nikiwa jikoni kwa mama. "Rm" ni chumba, hilo halikunisumbua. "nr" ni karibu na. "pm" ni kwa mwezi. "tkn" ni stima ya tokeni. "s/c" nilikuwa nimeizoea kwenye mabango ya Voi: chumba kinachojitegemea, choo na bafu viko ndani, ukifunga mlango umefunga dunia yako. Nikaona nimebahatika. Nikampigia mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naulizia kile chumba cha Zimmerman."

"Marahaba mwanangu. Kile cha elfu sita na mia tano?"

"Ndio mama. Kile cha s/c."

"Eeh, s/c iko. Ukikitaka nitumie kitu kidogo nikuwekee, watu ni wengi."

Nikamtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa.

Nilifika Jumamosi jioni na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba. Mama huyo alinipokea vizuri, akanifungulia mlango wa tatu kwenye kordo yenye milango minane. Chumba kilikuwa safi, kimepakwa rangi upya. Nikatafuta mlango wa pili, ule wa bafu. Haukuwapo.

"Mama, choo kiko wapi?"

"Pale mwisho wa kordo. Viko viwili, na bafu ni lile la mlango wa buluu."

"Na ile s/c uliyoniambia?"

"Hiyo ni elfu moja, unalipa pamoja na kodi. Ni ya takataka, mlinzi, taa za ngazi na maji ya vyoo."

Nilisimama pale nikiwa bado nimeshika kamba ya godoro. Yeye hakuwa amenidanganya. Alikuwa ameandika ada ya huduma, mimi nikasoma chumba kinachojitegemea, na kwenye simu tulikubaliana kwa furaha juu ya vitu viwili tofauti kabisa. Mfukoni nilikuwa na 11,500. Kwa hesabu yangu ya Wundanyi, "1+1" ilikuwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, jumla 13,000. Nikitoa zile 2,000 nilizotuma, zinabaki 11,000, na mia tano ni ya unga na mafuta ya taa. Sasa nilidaiwa 12,000. Alinihurumia, akaniruhusu ile elfu moja niilipe mwisho wa mwezi, na nikaingia. Nilikaa hapo miaka miwili na miezi minne, nikishika foleni ya bafu kila alfajiri.

Kazi niliyokuja kuifanya ndiyo iliyonieleza kilichonipata. Ilikuwa ofisi ndogo ghorofani katikati ya mji, iliyokuwa ikipokea matangazo madogo na kuyapeleka kwenye magazeti. Mteja anakuja kwenye dirisha, anasema anachotaka kuuza au kupangisha, mimi naandika, nahesabu maneno, namwambia bei. Bei ilikuwa kwa neno. Mteja akisikia jumla, macho yanarudi kwenye karatasi na kazi ya kupunguza inaanza. Maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha kujitegemea, "self contained", yanageuka "s/c" na kuhesabiwa neno moja. Na maneno mawili yanayomaanisha ada ya huduma, "service charge", nayo yanageuka "s/c". Mara nyingi kwa asubuhi moja nilimhudumia mwenye vyumba vya kupangisha kule Kayole na ajenti wa nyumba za ghorofa kule Kileleshwa, wote wawili wakaniachia herufi zilezile, kila mmoja akijua kwa hakika anachosema.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama mahali kifupisho kinapokaa. Mtu anayepangisha chumba huiweka "s/c" karibu na chumba: "s/c rm", "bedsitter s/c", "1 rm s/c tiled". Inaeleza chumba kilivyo, kwa hiyo inakaa ubavuni pake kama kivumishi. Mtu anayedai ada ya huduma huiweka karibu na pesa: "45k + s/c", "45k incl s/c", "45k excl s/c". Inaeleza bei ilivyo. Nikarudi kwenye picha ya binamu yangu, iliyokuwa bado kwenye simu: "6,500 pm s/c". Ilikuwa imekaa baada ya pesa. Kama ingekuwa "Rm s/c Zimmerman", ningekuwa na haki ya kuuliza choo changu. Mama yule alikuwa ameandika sawasawa, isipokuwa alisahau alama ya kujumlisha, au mwenye kuandika bango aliibana kwa kukosa nafasi.

Ila mahali peke yake hapatoshi, nami nisingependa mtu atume pesa kwa kutegemea hilo tu. Aina ya nyumba nayo inasema. Chumba kimoja kwenye ploti ya kawaida mara nyingi hakina ada ya huduma iliyotengwa, gharama hizo zimo ndani ya kodi, kwa hiyo "s/c" hapo huwa ni kujitegemea. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu vya kulala haina haja ya kutangaza kwamba ina choo ndani, kila mtu anategemea hivyo, kwa hiyo "s/c" hapo ni ada. Mtego uko katikati, kwenye bedsita na vyumba vya maghorofa mapya ambako vyote viwili vinawezekana. Hapo hakuna njia ya kujua kwa kusoma. Unauliza, na unauliza kwa maneno kamili: "Choo na bafu viko ndani ya chumba au ni vya pamoja?" Kisha swali la pili, peke yake: "Zaidi ya kodi nitalipa nini kila mwezi?" Kosa langu kwenye simu lilikuwa kumrudishia herufi zake mwenyewe. Nilimuuliza kama s/c iko, akasema iko. Angejibu nini kingine?

Kuna jambo lingine nililoliona dirishani. Siku hizi matangazo mengi yako kwenye simu, hakuna anayelipia neno, lakini mafupisho yamebaki. Mengine ni mazoea tu. Lakini mtu anayeweza kuandika bure aya nzima juu ya marumaru, kabati za jikoni na maji ya kisima, kisha akafikia habari ya pesa na kuandika herufi tatu, mimi humsoma kwa makini zaidi hapo kwenye zile herufi tatu.

Binamu yangu yule aliyenipigia picha aliolewa, na mwaka 2019 yeye na mumewe wakatafuta nyumba South B. Safari hii tangazo lilikuja kwangu kabla ya mtu kutuma shilingi: "2BR M/E + DSQ, South B, 45k + s/c, 2+1, neg." Tulikaa nalo mezani kwangu Jumapili nzima, na naona ni heri nilieleze lote, kwa sababu karibu kila kipande chake kingeweza kumgharimu.

"2BR" ni vyumba viwili vya kulala. "M/E" ni kwamba kile chumba kikubwa kina bafu lake ndani. Kimoja tu. Mume wa binamu alikuwa amesoma akaelewa kwamba vyumba vyote viwili vina mabafu, na alikuwa ameshamwahidi mama yake kwamba akija kukaa nao atakuwa na choo chake. Vyote vikiwa na mabafu, tangazo husema "all ens", na hakuna mwenye nyumba anayeacha kulitaja hilo, kwa sababu linapandisha bei.

"DSQ" ni chumba cha mfanyakazi kilichojitenga na nyumba. Ile "D" ina kazi: "SQ" bila "D" inaweza kuwa kichumba kilicho ndani ya nyumba, ubavuni mwa jikoni, lakini "DSQ" ina mlango wake nje, pengine nyuma ya jengo, pengine juu kwenye paa, na huwa na choo chake. Watu wengi Nairobi wanapanga DSQ peke yake kama makao, hasa Kilimani na Lavington, kwa kuwa unapata mtaa mtulivu kwa kodi ndogo. Anayefanya hivyo aulize mita ya stima ni ya nani. Mara nyingi DSQ inakula kwenye mita ya nyumba kubwa, na mnagawana tokeni kwa makisio ya mwenye nyumba.

Kisha kuna ile alama ya kujumlisha. Nilimwonyesha binamu kwamba katika tangazo lilelile imetumika mara tatu, na si kwa maana moja. Kwenye "2BR + DSQ" inasema utapewa zaidi. Kwenye "45k + s/c" inasema utatoa zaidi. Na kwenye "2+1" inasema utatoa sasa hivi, siku ya kuchukua ufunguo. Yeye alikuwa amezichukulia zote kama zile za kupewa.

Tukapiga simu, mimi nikiuliza. Ada ya huduma ilikuwa 4,500 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ya 45,000 ni nyumba ya 49,500, na kwa mwaka tofauti ni 54,000, zaidi ya kodi ya mwezi mzima. Nikauliza ada hiyo inabeba nini. Ilikuwa na mlinzi, takataka na usafi wa ngazi, ila maji yalikuwa na mita yake. Hilo nalo si dogo, kwa maana kuna majengo ambako maji yamo ndani ya ada, na mtu analinganisha nyumba mbili kwa kodi tu akachagua ile iliyo ghali.

Lakini kipande kilichotuchukua muda ni "2+1". Jumla haikuwa na siri: miezi mitatu, 135,000, na ukiongeza ada ya mwezi wa kwanza ni 139,500. Binamu alikuwa na 95,000, akidhani ni kodi na amana moja, kama ile "1+1" yangu ya Zimmerman. Ila hata mwenye 139,500 bado ana swali. Mbili ni za nini na moja ni ya nini? Wengi wanamaanisha amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja. Wapo wanaomaanisha kodi ya miezi miwili mbele na amana ya mwezi mmoja. Siku ya kuingia unatoa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuna anayegundua. Siku ya kutoka ndipo inapoonekana. Kwa maana ya kwanza unarudishiwa 90,000 ukiwa hujaharibu kitu, kwa maana ya pili unarudishiwa 45,000, na kodi ya mwezi wako wa pili ilikuwa imeshalipwa. Ukiwa umesoma moja na mwenye nyumba amesoma nyingine, mnagombana baada ya miaka mitatu juu ya karatasi ambayo kila mmoja ana hakika nayo. Tulimwomba ajenti aandike kwenye ujumbe, kwa maneno, amana ni shilingi ngapi na kodi ya mwanzo ni ya miezi mingapi. Akaandika: amana ni 90,000. Ujumbe huo binamu anao hadi leo.

"neg" tuliiacha mwisho makusudi. Inasema bei inazungumzika, lakini haisemi bei gani. Kodi? Amana? Ada? Kwa uzoefu wangu wa dirishani, mwenye nyumba anayekubali kuandika "neg" huwa tayari kulegeza amana kuliko kodi, kwa sababu kodi akiipunguza leo imepungua kila mwezi, na majirani watasikia. Tuliomba amana igawanywe, nusu siku ya kuingia na nusu mwezi wa tatu. Akakubali. Kodi hakuigusa hata kwa shilingi mia.

Nimekuwa nikiandika ya nyumba kwa urefu kwa kuwa ndiyo niliyoyaishi, lakini mjomba wangu alinivuta kwenye magari mwaka 2023. Alikuwa anatafuta gari dogo la kumpeleka kliniki na sokoni, akaniletea tangazo kwenye simu yake: "Demio 2020 KDA, 1300cc, A/T, A/C, HP ok, 820k neg."

"Si wewe ndiye mtu wa vifupisho?" akaniambia. "Nisomee."

"A/T" ni gia za kujibadilisha zenyewe. "A/C" ni kiyoyozi, ingawa kwenye tangazo la kazi au la benki herufi hizo ni akaunti. "HP ok" kwenye uuzaji wa magari ni kwamba unaweza kulipa kwa awamu. Haihusu nguvu ya injini, ambayo nayo hufupishwa vivyo hivyo. Nikamwambia, ukichukua njia hiyo, 820,000 si bei yako tena. Ni bei ya anayelipa taslimu. Ya awamu ni kubwa zaidi, na jina la mkopeshaji linakaa kwenye umiliki hadi umalize deni.

Yote hayo aliyaelewa upesi. Kilichomshinda ni ule mwaka. "2020, gari la miaka mitatu," alisema, akifurahi.

Nikamuuliza 2020 ni mwaka wa nini. Hapo tangazo halikusema. Kama ni mwaka wa kutengenezwa, wauzaji makini huandika "YOM 2020". Kama ni mwaka wa kusajiliwa Kenya, huandika "reg 2020", au huacha mwaka peke yake ukisimama karibu na namba ya gari, kama hapa. Na namba yenyewe inasema kitu: mfululizo wa KBA ulianza 2007, KCA ukaanza 2014, na KDA ukaanza 2020. Kwa hiyo ile "2020" pengine ilikuwa inarudia tu kile ambacho herufi KDA zimeshasema. Haikuwa habari mpya hata kidogo.

Hapa inabidi kujua kanuni moja ya uagizaji. Magari yaliyotumika yanayoingizwa Kenya hayaruhusiwi kupita miaka 8, na kwa hesabu inavyofanywa, mwaka 2020 gari la zamani kabisa lililoruhusiwa lilikuwa la 2013. Demio nyingi zilizomo barabarani kwetu zilikuja zikiwa zimetumika Japani. Kwa hiyo gari lenye KDA linaweza kuwa limetengenezwa mwaka wowote kuanzia 2013 hadi 2020, na kwa kuwa gari la zamani zaidi lina bei nafuu bandarini, waagizaji wengi hukaa karibu na ule mwisho wa 2013. Mjomba alikuwa anatazama gari la miaka kumi akiliona la miaka mitatu.

Tulienda kuliona na fundi wake. Fundi hakuuliza mtu yeyote. Alifungua mlango wa mbele, akavuta mkanda wa kiti hadi mwisho, akasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kule chini. Kinaandikwa tarehe ya kutengenezwa mkanda, ambayo huwa karibu sana na ya gari. Kilikuwa cha 2013. Akatafuta na mkanda wa nyuma, nao ukawa wa 2013. Kisha akaomba logibuku. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa mle wazi, mstari wake peke yake, 2013.

"Bwana, hujatudanganya," mjomba alimwambia muuzaji, "lakini tangazo lako limekaa vibaya."

"Mzee, mimi niliandika mwaka wa namba. Watu wote wanaandika hivyo," muuzaji alijibu, na naamini alisema kweli.

Mjomba alilinunua gari hilo kwa 730,000, baada ya kutoa nakala ya rekodi kwa NTSA kupitia eCitizen na kuona jina la mwenye gari ni lilelile la aliyekuwa mbele yetu na hakuna mkopeshaji. Gari la 2013 lenye hali nzuri halina ubaya. Ubaya ungekuwa kulilipia kama la 2020. Ukiona gari la bei ya chini kupita kiasi lenye "CIF" baada ya bei, hapo napo simama: hiyo ni bei ya gari, bima na nauli ya meli hadi Mombasa peke yake. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT bado vinakusubiri bandarini.

Kwenye kazi nina machache ya kusema, kwa sababu huko vifupisho vingi ni vya vyeti na kila mtu anavijua. Viwili tu ndivyo nilivyoona vikiumiza watu. Cha kwanza ni "30k gross". Hiyo ni kabla ya makato, na kwa viwango vya 2025, NSSF ingechukua 1,800, bima ya afya 825, ushuru wa nyumba 450 na kodi ya mapato takriban 730, ukabaki na kama 26,200. Mtu asipange kodi ya nyumba kwa 30,000.

Cha pili ni "Ret + comm", hasa kwenye kazi za uuzaji. "comm" ni kamisheni, hilo linajulikana. "Ret" watu huisoma kama mshahara wa msingi, wakaona basi ni mshahara na marupurupu. Sivyo. Ni posho ya kukushikilia, na katika kazi nyingi za namna hiyo nilizoziandika dirishani, waajiri walinieleza kwa mdomo kwamba hulipwa mwezi ule tu mfanyakazi aliofikisha lengo la mauzo. Lengo lenyewe halikuandikwa, kwa kuwa lingeongeza maneno. Jirani yangu wa kordo, kijana kutoka Kitui, alifanya kazi ya namna hiyo miezi miwili akapata nauli tu. Kazi hiyo aliipata kutokana na tangazo lililopita mikononi mwangu. Nililitambua aliponionyesha kipande cha gazeti, na nilimwomba radhi, ingawa alinishangaa kwa nini naomba. Tangu hapo, kila mteja wa "Ret" nilimuuliza kama posho ina sharti, na akisema ina, nilimshauri aongeze maneno mawili, "on target", nikamwambia bei yake. Wengine waliongeza. Wengine walikataa, na sikuwa na uwezo wa kuwalazimisha.

Mei 2018 nilihama Zimmerman. Mwenye nyumba wangu alikuja mlangoni na kipande cha kadibodi na kalamu nzito, akasema kwa kuwa ndiyo kazi yangu nimwandikie tangazo la chumba changu. Nikaketi kwenye godoro lililokuwa limeshafungwa kamba, nikaandika kwa Kiswahili: Chumba kimoja, Zimmerman, karibu na steji. Choo na bafu vya pamoja, vyumba vinane, vyoo viwili. Kodi 7,000 kwa mwezi. Takataka, mlinzi na maji ya vyoo 1,000 zaidi kila mwezi. Siku ya kuingia: kodi 7,000, amana 7,000, huduma 1,000, jumla 15,000. Amana inarudishwa. Stima ni ya tokeni, mita yako mwenyewe.

Alilishika mbali na macho, akalisoma polepole hadi chini.

"Ni refu," akasema.

"Ni refu mama. Lakini kadibodi haikulipishi."

Akalisoma tena. Kisha akanirudishia kalamu. "Hapo kwa vyoo," akasema, "ongeza kwamba vinaoshwa kila siku."